Giaboksi Inayosubiri Zamu Yake

Imekaa juu ya paleti ya mbao ngumu, imefunikwa turubai la kijani, na haijafanya kazi hata saa moja tangu itoke ilikotengenezwa. Ni giaboksi ya eliveta ya ndoo. Uzito wake unakaribia tani 2, na kwenye vitabu vya kiwanda hiki cha saruji cha pwani ya Tanzania imeandikwa shilingi milioni 150. Bin kadi iliyofungwa kwenye ndoano yake ya kunyanyulia ina mstari mmoja wa kupokea. Safu ya kutoa iko tupu, na ni mwaka wa 9 sasa.

Anayeitunza ni mama wa makamo ambaye mafundi humwamkia kwanza ndipo waombe walichofuata. Stoo yake ina maelfu ya vitu: boliti, mikanda, beringi, taa, glovu. Vingi huingia na kutoka kila wiki, na kuvitunza ni kazi ya kuhesabu. Upande wa ndani, nyuma ya wavu wenye kufuli, kuna vile ambavyo huenda visiguswe kwa miaka 10, na siku vikihitajika vinahitajika saa hiyohiyo. Kuvitunza hivi ni ufundi wa namna yake, na ndio ulionifanya nimfuate kwa utulivu, hatua kwa hatua, nikianzia kwenye giaboksi hii.

Kwanza, kazi ya mashine yenyewe. Chokaa na udongo vikishasagwa kuwa unga laini, unga huo lazima upandishwe hadi kileleni mwa mnara wa kupashia joto, mita 80 na zaidi kutoka ardhini, ili ushuke taratibu ukikutana na hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye tanuru. Kinachoupandisha ni eliveta: mkanda mrefu wenye ndoo za chuma, unaozunguka mchana na usiku. Tanuru la hapa hutoa tani 2,000 za klinka kwa siku, na kila tani 1 ya klinka hula zaidi kidogo ya tani 1 na nusu ya unga. Kwa hiyo zaidi ya tani 3,000 hupita kwenye ndoo hizo kila siku. Hakuna njia ya pili ya kupandia. Pipa la unga lililo juu ya mnara lina akiba ya dakika tu, si ya saa. Eliveta ikisimama, moto wa tanuru unazimwa.

Na tanuru halizimwi kama jiko. Ndani yake malighafi hufika nyuzi 1,450 za selsiasi, na gamba la chuma limekingwa kwa matofali ya moto. Likipoa, lazima liendelee kuzungushwa polepole kwa mota ya akiba ili lisijipinde kwa uzito wake. Kuliwasha tena huchukua siku nzima au zaidi, kwa sababu joto likipanda kwa pupa matofali hupasuka. Kila kuzima na kuwasha hupunguza umri wa matofali hayo. Ndiyo maana swali la giaboksi moja linagusa kiwanda kizima.

Siku kipuri cha aina hii kinapowasili ndipo kazi ya mama wa stoo huanza, na huianza kabla lori halijapakuliwa. Hutazama kama sanduku limepigwa, kama misumari imeng'olewa na kupigiliwa upya, kama kibandiko cha kuonyesha mtikisiko kimebadilika rangi. Halafu hufungua na kwenda moja kwa moja kwenye kibati. Hakiamini kibati peke yake, lakini huanzia hapo: namba ya aina, uwiano wa mizunguko, nguvu, kiasi cha oili, na mkao ambao giaboksi imeundwa kukaa. Hivi vyote huvilinganisha na karatasi ya oda, na karatasi ya oda huilinganisha na picha ya kibati cha giaboksi iliyoko juu ya mnara, ambayo kijana wa zamu alipewa kazi ya kuipiga. Wengi huishia kwenye karatasi ya oda. Kama karatasi ilikosewa, kosa litakaa kimya kwenye paleti kwa miaka 9 na kujitokeza siku ambayo tanuru limesimama.

Kisha hupima. Kwa venia kalipa hupima kipenyo cha shafti ya kuingilia, upana na kina cha mfereji wa ufunguo, na umbali kati ya matundu ya boliti za miguu. Namba anaziandika kwa penseli pembeni mwa mchoro, na kila moja huisoma mara mbili kwa kubadilisha upande wa kupimia, kwa sababu shafti ikiwa imebonyea kidogo upande mmoja haitajulikana kwa kipimo kimoja.

Jambo linalofuata ndilo lililonifanya nimheshimu zaidi. Giaboksi ya eliveta ina kizuizi cha kurudi nyuma. Umeme ukikatika ndoo zote za upande mmoja zikiwa zimejaa, uzito wake unataka kuuvuta mkanda urudi chini kwa kasi, nao ungevunja kila kitu. Kizuizi hicho, kilichofichwa mwishoni mwa shafti moja, huruhusu mzunguko wa upande mmoja tu. Giaboksi mbili zinaweza kufanana kwa kila namba ya kupimika, moja ikazunguka kulia na nyingine kushoto. Mama huyu hushika shafti kwa mikono miwili, huizungusha polepole upande mmoja, kisha wa pili. Upande mmoja inakwenda, mzito kidogo kwa sababu ya grisi na sili. Upande wa pili inagota. Hapo huchukua rangi nyeupe, huchora mshale kwenye gamba kuonyesha upande unaokwenda, na kuandika upande huo huo kwenye bin kadi. Kazi ya dakika 5, lakini nimeshawahi kusikia mafundi wakisimulia usiku mzima uliopotea mahali pengine kwa sababu ya mshale ambao hakuna aliyeuchora.

Pia hapokei giaboksi peke yake. Huuliza: ikitoka hapa usiku wa manane, fundi atahitaji nini kingine ili mashine izunguke? Jibu ni nusu ya kapilingi iliyokwisha kutobolewa kwa kipenyo cha shafti hii, ufunguo wake, boliti za miguu, shimu za unene tofauti, na oili ya namba iliyoandikwa kwenye kibati. Kapilingi kutoka dukani huja na tundu dogo ambalo lazima lipanuliwe kwenye mashine ya kukereza. Karakana ikiwa imefungwa, tundu hilo ni saa 8 za tanuru kusimama. Kwa hiyo analipeleka likerezwe siku za mwanzo, wakati hakuna haraka, na fundi wa mashine anapata nafasi ya kulifanya vizuri. Vyote vinawekwa kwenye sanduku moja la bati juu ya paleti ile ile, na sanduku lina orodha yake.

Lakini kabla ya hayo yote kuna uamuzi wa kuinunua. Uamuzi huo ulifanywa na mama huyu pamoja na injinia wa matengenezo, mezani, kwa kalamu na kikokotoo. Waliurudia mbele yangu kwa tarakimu za mviringo, na nitaupitia kama walivyoupitia.

Kwanza ni gharama ya kuwa nayo. Milioni 150 zilizolala ni milioni 150 ambazo zingelipa deni au kununua makaa ya mawe, na riba ya mikopo ya benki nchini huwa karibu na asilimia 15. Ongeza bima, nafasi, na kazi ya kuitunza, wakafika asilimia 20 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 30 kila mwaka, iguswe isiguswe.

Pili ni gharama ya kutokuwa nayo. Injinia aliweka faida inayopotea tanuru likisimama kuwa milioni 80 kwa siku. Ukiwa na kipuri, kubadilisha juu ya mnara ni siku 2. Ukiwa huna, oda ya kawaida huchukua miezi 8, lakini hakuna anayekaa miezi 8 akitazama. Giaboksi iliyoharibika itashushwa, itafunguliwa, beringi zitatafutwa kwa ndege, gia iliyokatika meno itachongwa mjini ili isukume siku. Kwa mbio zote hizo walikadiria siku 22. Tofauti ni siku 20, yaani bilioni 1 na milioni 600 kwa tukio moja.

Tukio hilo huja mara ngapi? Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mashine iko moja, haijawahi kuharibika vibaya, na hakuna takwimu za kuaminika. Walichukua miaka 15 kama makisio. Gawanya bilioni 1.6 kwa 15, unapata kama milioni 107 kwa mwaka za hasara inayotarajiwa. Dhidi ya milioni 30, kipuri kinajilipa.

Lakini mama hakuridhika na 15, kwa kuwa alijua imetoka hewani. Akageuza swali. Hakuuliza tena mashine huharibika kila baada ya miaka mingapi. Aliuliza ingelazimu iwe imara kiasi gani ndipo kipuri kiwe hasara. Bilioni 1.6 gawanya kwa milioni 30: miaka 53. Yaani hata kama giaboksi ile ingeharibika mara moja tu kwa nusu karne, kuwa na akiba yake bado kusingekuwa upotevu. Hakuna mtu mezani aliyeamini kwamba giaboksi inayobeba tani 3,000 kwa siku kwenye vumbi itadumu miaka 53. Kwa hiyo mabishano kama ni 12 au 20 yaliisha, kwa sababu hayakuwa na uwezo wa kubadilisha jibu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande cha ustadi kilichozidi vyote nilivyoviona pale: kujua ni namba ipi inastahili kubishaniwa.

Injinia kijana aliyekuwepo aliuliza, "Mama, basi kwa nini tusiweke mbili?"

Mama akamjibu kwa hesabu. Ya pili ina kazi siku moja tu: pale ambapo ya kwanza imeshatumika na mashine inaharibika tena kabla oda mpya haijafika. Miezi 8 ni theluthi mbili za mwaka. Theluthi mbili kwa miaka 15 ni nafasi ya kama 4 na nusu katika 100. Chukua milioni 107, zidisha kwa nafasi hiyo, unapata kama milioni 5 kwa mwaka. Ya pili inakula milioni 30 ili kuokoa 5. Kwa hiyo moja ni lazima, mbili ni israfu, na kati ya lazima na israfu hakuna hata hatua moja ya katikati. Ukubwa wa mruko huo hunishangaza bado. Kwa vitu vinavyotoka kila wiki, kipande kimoja zaidi kwenye rafu ni jambo dogo. Hapa kipande kimoja hubadilisha kila kitu, na cha pili hakibadilishi karibu chochote.

Wala bei haikuwa na uzito waliotarajia watu. Kwenye kinu cha kusagia klinka kuna giaboksi nyingine ya bei inayokaribia hiyo hiyo, nayo haina kipuri. Vinu viko viwili, na ghala la klinka na silo za saruji hubeba siku kadhaa. Kimoja kikisimama, malori huendelea kupakia. Siku ya kusimama hapo hugharimu sehemu ndogo tu ya milioni 80, na hesabu ile ile inasema usinunue. Kinyume chake, kwenye droo ya mbao ndani ya wavu kuna kitambuzi cha joto kinachoingia mkononi, bei yake haifiki milioni 1, ambacho bila hicho mfumo hauruhusu moto wa tanuru uwake. Viko vitatu.

Kuna jambo jingine linaloweza kuchukua nafasi ya kipuri, nalo ni onyo la mapema. Tanuru huzungushwa na gia kubwa ya pete inayolizunguka gamba lake, kipenyo chake mita kadhaa, na oda yake inaweza kuchukua mwaka. Kwa vigezo vya haraka ingekuwa ya kwanza kununuliwa. Haimo stoo. Gia hiyo haifi ghafla ikiwa inalainishwa na kukaguliwa. Meno yake huliwa polepole kwa miaka, na mkaguzi huyapima unene na kutafuta nyufa kwa rangi ya kupenya kila tanuru linapozimwa kwa matengenezo. Tena upande mmoja wa meno ndio unaofanya kazi. Ukichakaa, gia inaweza kufunguliwa, kugeuzwa, na upande wa pili ukaanza maisha yake. Onyo linakuja miaka kabla, na oda ni mwaka. Muda wa kununua upo. Giaboksi ya eliveta haitoi fadhila hiyo. Mtetemo wake na chembe za chuma kwenye oili vinaweza kutoa onyo la wiki kadhaa, mara chache miezi 2 au 3. Oda ni miezi 8. Pengo lililobaki ndilo linalozibwa na kitu kilichokaa juu ya paleti.

Baada ya kununua huja miaka, na miaka ndiyo mtihani. Kipuri kinaweza kufa kikiwa kwenye rafu, na kikifa hakitoi sauti. Unyevu wa pwani huingia kila mahali. Giaboksi tupu hupumua: mchana hewa ya ndani hupanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta hewa yenye unyevu, na tone kwa tone kutu huota kwenye beringi. Kwa hiyo mama huyu hakuiacha tupu. Alijaza oili hadi juu kabisa ya kiwango cha kazini, oili ya kuhifadhia yenye dawa ya kuzuia kutu, akaondoa kile kifuniko cha kupumulia na kuziba tundu kwa kizibo kizima. Kifuniko chenyewe kimo kwenye sanduku la bati. Shafti zilizo wazi zimepakwa nta ya kuzuia kutu na kufungwa kwa karatasi maalumu ya dawa, kisha kwa plastiki. Kwenye gamba amefunga kitambaa chekundu kilichoandikwa: IMEJAA OILI YA KUHIFADHIA, MWAGA KABLA YA KUTUMIA.

Kila mwezi huizungusha. Nilimtazama akifanya hivyo. Hufungua plastiki ya shafti ya kuingilia, hufuta nta kwa kitambaa cha pamba, huishika kwa mikono miwili na kuizungusha kufuata mshale, bila haraka, mizunguko mingi, kwa sababu uwiano ni mkubwa na shafti ya kutokea inataka zaidi ya mizunguko 60 ya kuingilia ili iende duara moja. Hahesabu kwa sauti, ila midomo inacheza. Lengo ni oili ifunike upya kila jino na kila rola, na sili zisigande kwenye shafti mahali pamoja. Akimaliza haiachi pale ilipokuwa. Huisimamisha robo duara mbele ya alama ya mwezi uliopita, ili uzito usibaki juu ya rola zile zile. Halafu nta mpya, karatasi, plastiki, tarehe, sahihi.

Mwanzoni paleti ilikuwa karibu na ukuta ambao upande wa pili kuna kompresa. Siku moja aliweka kiganja sakafuni, akakiacha hapo, kisha akaagiza foklifti. Mtetemo mdogo usiokoma hufanya rola za beringi iliyosimama zigongegonge njia yake, na baada ya miezi huacha vijishimo vyenye nafasi sawa na nafasi ya rola. Ukiifungua beringi kama hiyo utaona mistari iliyopangika, na ukiifunga kwenye mashine italia tangu saa ya kwanza. Sasa paleti iko upande wa pili wa stoo, na chini yake kuna mpira mnene. Kwa sababu hiyo hiyo beringi kubwa za akiba hazisimami wima kwenye rafu. Zimelala, kwenye karatasi na maboksi yake ya asili, na hakuna anayeruhusiwa kufungua boksi "kuangalia tu".

Mpira nao una umri. Oili sili za naitraili, zile nyeusi za kawaida, kiwango cha kimataifa cha kuhifadhi mpira huzipa miaka 7 kwenye kifungashio kabla ya kukaguliwa upya. Za vitoni huzipa 10. Mama huandika tarehe ya kutengenezwa, si ya kupokelewa, kwani sili inaweza kuwa imekaa miaka 3 kwa muuzaji. Sili za giaboksi ya miaka 9 tayari zimevuka umri wake zikiwa bado mpya kwa macho. Hakusubiri zivuje. Aliagiza seti, na zimo kwenye sanduku la bati, ili zibadilishwe chini, kwenye benchi, kabla giaboksi haijapandishwa mnarani.

Kwenye safu ya mota utaratibu ni mwingine kidogo. Kila robo mwaka fundi umeme huja na megga na kupima ukinzani wa nyaya kwa gamba. Kwa mota za volti 400 kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 5, lakini mama hafurahii namba kwa kuwa imevuka 5. Hutazama mwendo wake. Mota iliyosoma 2,000 robo iliyopita na sasa inasoma 300 bado imefaulu mtihani, naye ataipeleka kwenye chumba chenye joto siku hiyo hiyo. Kwenye mota hizi alifanya kazi nyingine ambayo haikugharimu hata shilingi. Daftari la zamani lilionyesha mota 3 za akiba, kila moja ya mashine yake, kwa majina matatu na namba tatu. Akachukua futi kamba na kupima kutoka chini ya mguu hadi katikati ya shafti. Zote: milimita 315. Kipimo hicho ndicho jina la fremu yenyewe. Akasoma vibati: nguvu sawa, mizunguko sawa, mkao sawa. Zilikuwa mota moja yenye majina matatu. Kwa mashine 3 ambazo haziharibiki kwa pamoja, akiba ya 2 ilitosha kwa usalama ule ule, na ya tatu ikauziwa kiwanda jirani.

Mwisho wa kila mwaka wa hesabu hufika mhasibu na orodha ya mali iliyolala. Juu kabisa, kwa mpangilio wa thamani, iko giaboksi.

"Mama, hii ina miaka 9 haijasogea. Wakaguzi wataniuliza."

Mama hamkasirikii, kwani mhasibu anatimiza wajibu wake. Huleta faili: hesabu ya milioni 30 dhidi ya 107, ukurasa wa miezi ya kuzungusha, na barua ya injinia. Kisha humkumbusha kwamba kitu hiki hakikustahili kuwa kwenye orodha ile kabisa. Kanuni ya kimataifa ya hesabu namba 16, IAS 16, inataka vipuri vinavyotimiza sifa za mali ya kudumu viandikwe kama sehemu ya mitambo na kupunguzwa thamani kidogo kidogo, badala ya kuchanganywa na boliti na glovu na kupimwa kwa kasi ya kutoka. Swali la haki kwa kitu kama hiki huwa: mashine yake bado ipo? Hilo mama hulichukulia kwa uzito kuliko mhasibu mwenyewe. Kila mwaka hupanda mnara kwa miguu, au humtuma mtu anayemwamini, kusoma kibati cha juu. Mashine ikibadilishwa na hakuna aliyeiambia stoo, kipuri kinageuka chuma chakavu usiku mmoja, na unaweza kuendelea kukizungusha na kukipaka nta kwa miaka bila kujua. Alishakuta viwili vya namna hiyo. Vyote aliviandikia barua ya kuuzwa wiki hiyo hiyo, bila kuonea huruma miaka aliyovitunza.

Mwaka huo wa 9 kikosi cha mtetemo kilileta taarifa: beringi ya shafti ya pili ya giaboksi ya mnarani imeanza kulia, na sampuli ya oili ina chembe za chuma zinazong'aa. Hawakusubiri ivunjike. Kazi ilipangwa ndani ya kusimama kufupi kwa tanuru. Kwa hiyo siku 3 kabla, ya akiba ilishushwa kutoka kwenye paleti, oili ya kuhifadhia ikamwagwa na kuchunguzwa kama ina maji, sili zikabadilishwa, kifuniko cha kupumulia kikarudishwa, kapilingi ikafungwa. Winchi ikaipandisha mnarani asubuhi. Mafundi waliweka shimu chini ya miguu na kulinganisha shafti kwa dayo geji hadi sindano ikakaribia kutulia. Kabla ya kufunga nusu mbili za kapilingi waliwasha mota peke yake, kwa kitambo kidogo, kuhakikisha inazunguka kufuata mshale mweupe. Sababu ilikuwa kizuizi kile kile: mota ingezunguka kinyume ingekipasua kwa sekunde. Ilifuata mshale.

Wakati giaboksi ilipotoka getini mwa stoo, mama alikuwa ameshaandika mstari wa kwanza kwenye safu ya kutoa, na oda mpya ilikuwa mezani kwa meneja. Sasa kiwanda kilikuwa ndani ya ile miezi 8 ya hatari ndogo, 4 na nusu katika 100, na hakuichukulia kama bahati nasibu. Aliomba mtetemo upimwe kila wiki badala ya kila mwezi, na oili ichukuliwe sampuli baada ya saa 500 za kwanza. Giaboksi kuukuu iliposhushwa, ilikwenda moja kwa moja karakana. Gia zake zilikuwa salama. Beringi 2 na sili tu ndizo zilizohitaji kubadilishwa. Beringi zilizotoka aliziomba, akazikata, akaweka kipande chenye dosari kwenye faili pamoja na tarehe na saa za kazi: miaka 11 tangu ifungwe. Kwenye karatasi ya hesabu alifuta 15 kwa mstari mmoja, akaandika 11, na kukokotoa upya kutoka juu. Kipuri cha pili bado hakikujilipa. Na giaboksi iliyofufuliwa ingekuwa tayari baada ya wiki 6, kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya, kwa hiyo alikwenda kwa meneja kuomba oda ya mpya isimamishwe hadi ile iliyotengenezwa ijaribiwe kwenye benchi.